Mtandao ukikata kwa mwenyeji: namna ya kuweka wasaidizi na kukabidhi uenyeji kwenye Zoom

Kikao cha Zoom kina mwenyeji mmoja tu kwa wakati mmoja. Ndiye anayewafungulia waliochelewa, anayezima maiki ya mtu aliyeacha redio ikilia nyuma yake, anayeruhusu mwingine kuonyesha skrini, na ndiye pekee anayeweza kukifunga kikao kwa wote. Umeme ukikatika kwake, kazi zote hizo zinabaki bila mtu, hata kama wenzake ishirini bado wako hewani wakitazamana.

Huku kwetu Kusini kukatika si jambo la ajabu. Mvua kubwa ikipiga Lindi au upepo ukiangusha nguzo njia ya Masasi, mnara nao hudhoofika, na mara nyingi hakuna taarifa ya mapema. Ndiyo maana mwongozo huu haufundishi namna ya kuzuia mtandao usikate. Unahusu kitu kimoja: mwenyeji akipotea ghafla, kikao kiwe tayari kina mtu mwingine mwenye mamlaka ya kukiendesha.

La msingi kuliko yote ni kwamba uenyeji hautolewi baada ya kukatika. Ukishatoka hewani huna kitufe cha kubonyeza, na kumpigia simu katibu ukamwambia "endelea wewe" hakumpi mamlaka yoyote ndani ya Zoom. Kila utakachofanya lazima kiwe kimefanyika mtandao ukiwa bado mzima, na mimi nasisitiza kifanyike ndani ya dakika tano za kwanza, kabla hata ya kusoma ajenda.

Njia nne, kila moja na mahali pake

Njia ya kwanza ni kumweka mwenyeji msaidizi, ambaye kwenye skrini huandikwa "Co-host". Wewe unabaki mwenyeji, yeye anapata karibu mamlaka yako yote: kuzima maiki, kuingiza watu kutoka chumba cha kusubiri, kuonyesha skrini, kumtoa mvurugaji. Asichoweza ni kufunga kikao kwa wote na kumteua msaidizi mwingine. Ukikatika, uenyeji unahamia kwake bila yeyote kugusa kitu. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa vikao vingi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu iko hapa.

Njia ya pili ni kukabidhi uenyeji wenyewe kwa "Make Host". Hapa unampa mwingine kiti chako na wewe unakuwa mshiriki wa kawaida. Inafaa ukijua unaondoka, au ukiona dalili kwamba mtandao wako unakufa.

Ya tatu ni mwenyeji mbadala, yaani "Alternative Hosts", anayeandikwa wakati wa kupanga kikao. Huyu anaweza hata kukifungua kikao wewe usipokuwepo kabisa. Ubaya wake ni kwamba lazima naye awe na leseni ya kulipia ndani ya akaunti ileile ya taasisi. Vikundi vyetu vingi vina leseni moja tu wanayochangia, kwa hiyo kwao mlango huu umefungwa.

Ya nne ni namba ya mwenyeji, ambayo ni akiba ya mwisho. Nitaieleza mbele.

Kuandaa kabla ya siku yenyewe

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kuna umoja wa vikundi vya akina mama wabanguaji korosho, wenye wanachama Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na Lindi. Mratibu yuko Lindi mjini na leseni ya kulipia ni yake. Kikao ni saa 9 alasiri, ajenda ni bei ya kununulia korosho ghafi msimu ukifunguliwa na mgawanyo wa mashine. Wanatarajiwa watu ishirini na kitu, karibu wote kwa simu.

Mratibu aanze kwa kuingia zoom.us kwa kompyuta au kivinjari cha simu, afungue "Settings", kisha "Meeting", ashuke mpaka sehemu ya "In Meeting (Basic)" na kuhakikisha swichi ya "Co-host" imewashwa. Ikiwa imezimwa, siku ya kikao atatafuta kitufe cha "Make Co-host" na hatakiona, na hapo ndipo watu hudhani programu yao ni mbovu. Swichi hii ni ya akaunti ya kulipia. Wenye akaunti ya bure nimewawekea sehemu yao mbele.

Sasa achague wasaidizi, na hapa ndipo pa kufikiri kuliko kubonyeza. Kosa la kawaida ni kumteua mtu mliye naye ofisi moja. Umeme ukikatika mnakatika wote, na kama mnatumia ruta moja ndiyo kabisa. Msaidizi anatakiwa awe mji mwingine na mtandao wa kampuni nyingine. Katika mfano wetu mratibu wa Lindi anamchukua katibu aliyeko Masasi kuwa msaidizi wa kwanza na mhasibu aliyeko Nachingwea kuwa wa pili. Awaulize mapema laini wanazotumia. Wakiwa wote watatu kwenye laini moja, mmoja aazime laini nyingine siku hiyo.

Simu yenye chaji kamili na bando la kutosha ni msaidizi bora kuliko kompyuta ya mezani isiyo na betri. Nasema hivi kwa sababu wengi huona aibu kumpa mamlaka mtu wa simu, wakimwona si "wa ofisi". Simu haijali umeme umekatika saa ngapi, ilimradi mnara uko hewani.

Kitu kingine kifanyike siku moja kabla: nyaraka zote ambazo mratibu angeonyesha kwenye skrini zitumwe kwa wasaidizi kwa WhatsApp, na wazifungue wahakikishe zinafunguka. Mwenyeji akikatika, skrini aliyokuwa anaonyesha hupotea papo hapo. Msaidizi mwenye mamlaka lakini asiye na jedwali la bei hana cha kuonyesha, na kikao kitasimama vilevile.

Dakika tano za kwanza

Msaidizi hateuliwi kabla ya kikao. Anateuliwa akiwa tayari yumo ndani. Kwa hiyo katibu na mhasibu waingie dakika kumi kabla, saa 8:50.

Kwenye kompyuta, mratibu abonyeze "Participants" ili orodha ya majina ifunguke. Apeleke kishale juu ya jina la katibu, abonyeze "More", kisha "Make Co-host", na athibitishe. Kwenye simu, aguse skrini mara moja vitufe vitokee, afungue "Participants", aguse jina la katibu, kisha achague "Make Co-host". Arudie kwa mhasibu. Akimaliza asitosheke na kwamba amebonyeza: atazame orodha aone neno "Co-host" limeandikwa pembeni ya majina yote mawili.

Sasa tatizo ambalo sijaona kikao cha huku kikilikosa. Orodha ikifunguka, nusu ya washiriki hawana majina ya watu. Utaona "Galaxy A04", "TECNO SPARK", "Infinix HOT", na pengine TECNO SPARK wako watatu. Ukibahatisha, unaweza kumpa mamlaka mama wa Tandahimba ambaye hajui hata kitufe cha maiki kiko wapi, au mbaya zaidi, ukampa "Make Host" mtu usiyemfahamu. Kwa hiyo kabla ya kuteua, mwombe katibu aseme: "Dada katibu, washa kamera kidogo tukuone," au mwambie azungumze na utazame ni jina gani linawaka. Kisha mbadilishie jina hapo hapo: "More", halafu "Rename", uandike "Katibu – Masasi". Jina lililo wazi linawasaidia na wengine, maana mwenyeji akikatika watajua wamtazame nani.

Vitufe hivi viwili, "Make Host" na "Make Co-host", vimekaa karibu sana kwenye menyu, na kwenye skrini ndogo kidole huteleza. Ukibonyeza "Make Host" kimakosa utaona neno "Host" limehamia kwa mwenzako na vitufe vyako vimepungua. Usiogope. Akaunti iliyopanga kikao inaweza kujirudishia uenyeji: fungua "Participants" na utafute "Reclaim Host".

Baada ya kuteua, mratibu awatangazie wote kwa sentensi moja: "Mimi nikipotea, katibu anaendelea. Katibu naye akipotea, mhasibu anaendelea. Msitoke." Maneno haya ni ya lazima. Kwenye vikao vingi kinachovunja mkutano si Zoom kufunga, ni watu kuona uso wa mwenyeji umeganda, wakadhani kikao kimekwisha, wakatoka mmoja mmoja.

Kama kikao kinarekodiwa, amueni nani anarekodi. Rekodi inayohifadhiwa kwenye kompyuta ya mratibu itaishia pale alipokatika, kwa sababu inatengenezwa ndani ya mashine yake. Iwapo msaidizi mmoja ana kompyuta mpakato yenye betri, arekodi yeye. Simu hairekodi kwa namna hii. Kwa simu ni rekodi ya mtandaoni tu, ambayo nayo ni ya akaunti ya kulipia.

Umeme unapokatika

Turudi kwenye mfano. Saa 9:25 mratibu yuko katikati ya jedwali la bei, umeme wa Lindi mjini unakatika na ruta inazima. Waliobaki wanaona nini? Kwanza sauti yake inakatakata, kisha picha inaganda, mara nyingi mdomo ukiwa wazi. Jina lake bado limo kwenye orodha na bado limeandikwa "Host". Zoom haimwondoi mara moja. Inasubiri kwanza kuona kama anarudi, na kusubiri huko kunaweza kuchukua nusu dakika au zaidi.

Kipindi hiki kifupi ndicho kinachoonyesha tofauti ya kikao kilichoandaliwa na kisichoandaliwa. Uenyeji bado haujahama, lakini katibu, kwa kuwa tayari ni msaidizi, ana mamlaka ya kutosha kuendesha. Asingoje jina lihame. Ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, na mratibu asiposikika aseme: "Akina mama, mratibu amekatika, tunaendelea. Nafungua jedwali upande wangu." Azime maiki za wanaouliza kwa pamoja nini kimetokea, abonyeze "Share", afungue jedwali alilotumiwa jana.

Baada ya muda jina la mratibu litatoka kwenye orodha na neno "Host" litaonekana kwa mmoja wa wasaidizi. Mkiwa na wasaidizi wawili, msitegemee kwamba litaangukia yule mliyemtaja wa kwanza. Linaweza kwenda kwa mhasibu wakati katibu ndiye anayeongea. Hilo halina shida ilimradi wawili hao wamekubaliana: anayeongea aendelee kuongea, na aliyepata uenyeji ashughulikie mlango na maiki. Iwapo mhasibu anataka kumwachia katibu, afungue orodha, aguse jina lake, achague "Make Host".

Aliyepokea uenyeji sasa ana kazi moja ambayo wengi huisahau: kuteua msaidizi mwingine papo hapo. Katibu akiwa mwenyeji na mhasibu bado ni msaidizi, kikao kiko salama. Lakini mhasibu naye akikatika saa 9:40, katibu amebaki peke yake, na mkirudi kuwa na mtu mmoja tu mwenye mamlaka mmerudi mlikoanzia. Amteue mwingine, tuseme mwenyekiti wa kikundi cha Newala.

Na atahadhari na kitufe chekundu. Msaidizi wa kawaida akibonyeza kutoka, anatoka yeye tu. Mwenyeji akibonyeza "End", anaulizwa kama ni "End Meeting for All" au "Leave Meeting". Katibu aliyezoea kutoka kwa kidole kimoja anaweza kuwafungia wote ishirini bila kukusudia. Akihitaji kuondoka kweli, achague "Leave Meeting", na Zoom itamtaka amteue mrithi kabla hajatoka.

Kama hakukuwa na msaidizi yeyote, uenyeji unaweza kumwangukia mtu ambaye hakujiandaa, na wakati huo aliyeko chumba cha kusubiri anakaa humo bila wa kumfungulia. Mratibu mwenyewe akirudi anaweza kukwama nje.

Mratibu anaporudi

Mratibu anachukua simu, anawasha data, anabonyeza linki iliyoko kwenye kundi la WhatsApp. Anaingia, anasikia wenzake, lakini hana kitufe chochote cha mwenyeji. "Reclaim Host" haipo. Wengi hapa hudhani wamenyang'anywa kikao.

Sababu ni rahisi: Zoom ya kwenye simu yake haijaingizwa akaunti. Kwa Zoom, huyo ni mgeni tu aliyebonyeza linki. Kwa hiyo siku moja kabla ya kikao, mratibu afungue Zoom kwenye simu, abonyeze "Sign In" na kuingia kwa barua pepe na nywila ileile ya kwenye kompyuta. Nywila ndiyo inayowaponza watu, kwa kuwa kwenye kompyuta imehifadhiwa na hakuna anayeikumbuka. Siku ya kukatika si siku ya kuanza kutafuta nywila, hasa ikiwa msimbo wa kuthibitisha unatumwa kwenye barua pepe ambayo nayo imo kwenye kompyuta iliyozima.

Akiwa ameingia kwa akaunti sahihi, mara nyingine uenyeji humrudia wenyewe. Usiporudi, afungue "Participants" na kubonyeza "Reclaim Host". Ila ushauri wangu ni asikimbilie kuuchukua. Mtandao uliokatika dakika tano zilizopita bado haujatengemaa, na kila uenyeji unapohama, kikao kinayumba kidogo. Aombe katibu amfanye msaidizi, akae hivyo mpaka mwisho. Akisikika vizuri kwa robo saa mfululizo, hapo anaweza kuuchukua kama kuna haja.

Wenye akaunti ya bure

Akaunti ya bure haina wasaidizi, na kikao chake kinakatwa kikifika dakika 40. Lakini "Make Host" ipo, na inaweza kutumiwa kwa akili. Badala ya kusubiri ukatike, mkabidhi uenyeji mtu mwenye mtandao imara mara tu watu wakishaingia, hata kama mpangaji na mwongeaji mkuu ni wewe. Ukikatika wewe unakuwa mshiriki tu aliyekatika, na kikao hakitetereki. Zima na chumba cha kusubiri, ili ukirudi uingie moja kwa moja. Ukihitaji kiti chako, "Reclaim Host" iko pale, ilimradi umeingia kwa akaunti yako.

Namba ya mwenyeji

Kila tulichosema kinadhani mratibu aliweza kufungua kikao. Je, umeme ukikatika saa 8:40, kabla hajaingia? Hapo ndipo namba ya mwenyeji inaposaidia. Iko zoom.us/profile, imeandikwa "Host Key", na kwa kawaida ni tarakimu 6. Mtu aliye ndani ya kikao ambacho mwenyeji hayupo anaweza kufungua "Participants", akabonyeza "Claim Host", akaandika namba hiyo na kuwa mwenyeji.

Neno muhimu ni "aliye ndani". Kikao kikiwa kimepangwa kwamba hakuna anayeingia kabla ya mwenyeji, au chumba cha kusubiri kimewashwa, katibu atabaki nje na namba yake mkononi. Kwa hiyo mratibu anapopanga kikao aweke tiki kwenye "Allow participants to join anytime" na kuzima chumba cha kusubiri. Ulinzi ubaki kwenye nywila ya kikao, na linki isisambazwe nje ya kundi. Kwa kikao cha wanachama wanaofahamiana naona huo ni ulinzi wa kutosha. Kwa mkutano wa wazi unaotangazwa kwa umma nisingefanya hivyo. Hapo ni afadhali kutafuta leseni ya pili na kuweka mwenyeji mbadala.

Namba hii apewe mtu mmoja, kwa simu au ana kwa ana, si kwenye kundi. Ikishatumika, mratibu arudi kwenye ukurasa uleule aibadilishe.

Jaribuni kwa hali ya ndege

Kabla ya kikao chenye uzito, watu watatu wafungue kikao cha majaribio cha dakika kumi: mratibu, katibu, mhasibu. Teueni wasaidizi. Kisha mratibu aweke simu yake kwenye hali ya ndege bila kuaga, au azime ruta. Kubonyeza kutoka si jaribio, kwa sababu Zoom itamwuliza amteue mrithi, jambo ambalo umeme ukikatika halitokei. Katibu atazame saa: jina lilichukua muda gani kutoka, na "Host" ilihamia kwa nani? Mratibu arudi kwa simu ya pili na kuona kama "Reclaim Host" inaonekana. Isipoonekana, tatizo la akaunti mmelipata mapema.

Kuna hali moja ambayo wasaidizi wa miji tofauti hawatasaidia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo kila mtu amekatika, Masasi kama Lindi. Kwa hali hiyo katibu awe na namba za simu za viongozi wa vikundi kwenye karatasi, na muwe mmekubaliana tangu awali: tukikosa kuonana kwa dakika 15, katibu anapiga simu ya kawaida kwa kila kiongozi na kikao kinapangiwa siku nyingine.